Saa Kumi na Tano za Ombeni

Mimi ndiye niliyeandika hamsini kwenye mstari wa Ombeni. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nilikuwa nimekaa pembeni natazama.

Jedwali lenyewe ni la kawaida. Timu yetu huchagua kazi za wiki mbili kwa mkupuo, na hizo wiki mbili tunaziita sprinti. Kabla ya kuchagua, kila mtu anaandika ana saa ngapi za kazi kweli. Si saa za mkataba. Mkataba unasema nane kwa siku, lakini ukitoa vikao, simu za wateja, barua pepe na muda wa kusubiri mwenzako akague ulichoandika, zinabaki tano. Siku kumi za kazi, saa hamsini. Una likizo, punguza. Mtoto ana miadi ya daktari wa meno, punguza. Jumla ya hizo saa ndiyo inayotuambia tuchukue kazi kiasi gani kutoka kwenye orodha inayosubiri. Tukichukua zaidi ya hapo tunajidanganya wenyewe, na mwisho wa sprinti uongo unaonekana ubaoni, kazi zimesimama nusunusu.

Kulisimamia jedwali hilo ni kazi yangu. Pia mimi ndiye ninayezijaribu kazi zote kabla hazijaenda kwa wateja. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya kliniki ya meno huku Alexandria, jirani na Maryland, upande wa magharibi wa mji. Tunatengeneza programu ya simu inayoitwa Zamu. Watu wanaohudumia wazee na wagonjwa majumbani wanaitumia kuandika saa waliyoingia kwa mgonjwa na saa waliyotoka, na wakala aliyewaajiri anawalipa kwa hizo saa. Timu ni watu wanne. Mimi, Gitau anayeshughulika na seva, Chepkirui anayetengeneza kile mtumiaji anachokiona kwenye simu, na Ombeni aliyeandika sehemu ngumu kuliko zote, ile ya kulinganisha taarifa za simu na za seva. Juu yetu yuko Leonard, mwenye kampuni, ndiye anayepanga kazi ipi ije kwanza. Leonard na Ombeni na mimi tunatoka Tanzania, wale wawili Kenya, na wote tunajuana nje ya ofisi kuliko ndani.

Machi figo za Ghati, mke wa Ombeni, zilikataa kufanya kazi. Wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na presha yake ilikuwa ikishuka ghafla pale kwenye kiti, kwa hiyo Ombeni hakuweza kumshusha mlangoni akaondoka. Wanakaa Woodbridge kama mimi. Kutoka pale hadi hospitali, kwa foleni ya barabara ile, siku inakwisha. Ombeni alikaa wiki mbili bila kumwambia mtu. Kazi zake zikaanza kukwama ubaoni, naye kwenye kikao cha asubuhi anasema, "Bado namalizia." Nikamfuata.

"Ombeni, unamalizia nini? Faili hujaligusa tangu Jumatatu."

Akaniambia. Kisha akasema, "Dada, bima ya matibabu ni ya kampuni. Nikipunguziwa saa, inakatwa. Mdogo wake Ghati yuko Tarime anapimwa, akifaa anakuja kumpa figo. Upasuaji wanasema Julai. Nikifika Julai na hii bima, mengine Mungu anajua."

Kampuni yetu ina watu tisa. Sheria ya likizo ya kuuguza inazibana kampuni kubwa, sisi haituhusu. Hilo nililijua bila kuuliza.

Jumapili tukakaa jikoni kwa Chepkirui, watatu, tukala chapati na maharage, tukafanya kile ambacho watu wetu hufanya mwenzao akipata tatizo. Tukachanga. Ila tulichanga saa. Ombeni angeweza kufanya kama saa kumi na tano kwa sprinti, akiwa na kompyuta magotini pale hospitali. Zilipungua thelathini na tano. Tukasema kila mmoja atoe kumi nje ya saa zake, jioni au Jumamosi, afanye kazi zilizo kwenye jina la Ombeni, na jina libaki pale pale ubaoni. Upungufu wa tano tutauficha kwenye makadirio.

"Kamati iko sawa," Gitau alisema. "Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Imekosa tu maiti."

"Gitau, haki, funga mdomo," Chepkirui akamwambia, akampiga na kitambaa cha vyombo.

Mimi nikawa mweka hazina. Asubuhi kabla ya kikao nilikuwa namtumia Ombeni ujumbe: umemaliza hiki, umebakiza kile. Naye anasema hivyohivyo, kamera imezimwa, kutoka ghorofa la maegesho la hospitali. Na kila sprinti nilikuwa najaza mstari wake. Hamsini.

Mwanangu Ethan aliniona Jumamosi moja na kompyuta mezani, akauliza kwa nini nafanya kazi siku ya mpira wake. Nikamweleza. Alinijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, kwamba ule haukuwa msaada, ulikuwa ni kumwandikia mwenzako mtihani. Ana miaka kumi na tatu. Nikamwambia akafue soksi zake.

Tulikwenda hivyo sprinti tatu. Kazi zetu tunazipima kwa pointi, ndogo kabisa ni moja, kubwa kabisa ni kumi na tatu. Tukamaliza pointi thelathini na moja, kisha ishirini na tisa, kisha thelathini. Leonard akaziandika hizo namba kwa kalamu nene ubaoni, akazizungushia duara. "Hii," alisema, "ndiyo timu."

Sprinti ya nne ilianza Jumatano moja ya mwezi wa tano. Tulikuwa mezani watu wanne, mimi, Gitau, Chepkirui na Leonard. Ombeni alikuwa kwenye skrini ukutani, yaani jina lake, kamera imezimwa. Leonard aliingia na sanduku la maandazi, na Leonard akileta maandazi ujue ameshaahidi kitu mahali.

"Kazi ya kwanza," alisema, akaisogeza juu ya orodha. "Zamu ifanye kazi bila mtandao. Yule wakala wa Landover ana wahudumu mia tatu. Nusu yao wanafanya kazi kwenye majengo ambayo ukishuka chini simu haishiki kabisa. Nimewaambia tarehe kumi ya Juni wanayo."

"Umewaambia kabla ya kutuuliza?" nilisema.

"Mama Ethan, mteja hasubiri kikao."

Kazi ile tulikuwa tumeshaipima. Pointi kumi na tatu. Nusu yake na zaidi ni kulinganisha: simu ikirudi mtandaoni na ziara nne ilizozihifadhi, na seva nayo ina ratiba iliyobadilishwa na msimamizi katikati, programu iamue nini ni kweli. Ukikosea pale, ziara inapotea, na mhudumu halipwi. Nilikuwa na sura ya mtu kichwani. Waringa, jirani yangu wa ghorofa la chini, anamwogesha bibi mmoja huko Landover siku sita kwa wiki na anatumia Zamu. Aliwahi kuniambia, "Hako kasimu kenu kakinila malipo ya siku moja, nakuja kugonga mlango wako."

Na sehemu hiyo aliyeiandika ni Ombeni peke yake. Hapo ndipo mchango wetu ulipogonga mwamba. Tulikuwa tumemchangia Ombeni saa, tukafanya zile kazi zake rahisi, zile ambazo yeyote angezifanya. Hii hakuna wa kumfanyia. Ilitaka saa zake mwenyewe kama arobaini na tano, naye alikuwa nazo kumi na tano.

Nikaweka jedwali kwenye skrini. Jumatatu ya wiki ya pili ilikuwa sikukuu, kwa hiyo siku tisa, saa arobaini na tano kila mtu. Gitau alikuwa na likizo ya siku mbili, binti yake anahitimu Maryland. Jumla, saa mia na sabini.

"Kwa sprinti tatu zilizopita," nikasema, "pointi moja imetula kama saa sita na nusu. Mia na sabini ni pointi ishirini na sita. Si thelathini."

"Sawa, ishirini na sita," Leonard akasema. "Kumi na tatu ya Landover, kumi na tatu nyingine. Inaingia kama soksi."

"Haiingii. Kumi na tatu ya Landover ina mtu mmoja. Tuigawanye, tuchukue kipande."

"Mtu huyo mmoja si yupo? Ombeni, upo?"

"Nipo, bosi," likasema jina ukutani. Nyuma yake nilisikia mashine ikilia, pii, pii, kisha akazima sauti.

"Ombeni ana arobaini na tano hapa. Kila sprinti anamaliza pointi zake nane bila kelele. Mwondoleeni kazi ndogondogo, apewe hii tu. Ombeni, utaweza?"

Chepkirui alikuwa anachana andazi vipande vidogo bila kula.

"Nitaweza," Ombeni akasema.

Gitau akanikanyaga chini ya meza. Nikasema tupumzike dakika kumi, nikatoka hadi kwenye ngazi, nikampigia.

"Kwa nini umesema utaweza?"

"Ulitaka niseme nini mbele ya bosi?"

"Huwezi, Ombeni. Unajua huwezi. Sisi hatuwezi kukushikia hii. Wiki ya kwanza hutaonyesha kitu, ya pili utaharakisha, mimi nitaijaribu na kuikataa, au itanipita, na watu mia tatu watakosa siku zao."

"Basi ikifeli, imefeli. Kazi ngapi zimefeli? Nitasema ilikuwa ngumu. Inanipa wiki mbili. Halafu nyingine mbili. Dada Anitha, nahesabu hadi Julai, sihesabu pointi."

"Niache nimweleze Leonard ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba una saa kumi na tano. Leonard si mtu baki. Ndiye aliyesimama kanisani akasema tumwombee Ghati. Nitampangia kazi kwa hizo kumi na tano, aone inawezekana. Tukiendelea kuficha, siku ikilipuka italipuka na wewe ndani."

"Usiseme," alisema. "Nakuomba. Usiseme."

Nilisikia vizuri. Mtandao pale kwenye ngazi ni mzuri, siwezi kusingizia simu.

Nikarudi ndani nikasema.

Nilisema kila kitu, kwa kifupi, kama ninavyosema mambo. Figo, mashine, Jumapili jikoni, saa kumi kila mtu. Nikafuta arobaini na tano kwenye mstari wake nikaandika kumi na tano. Jumla ikashuka hadi mia na arobaini. Pointi ishirini na moja.

Leonard aliweka mkono mdomoni. Macho yakamlowa, kweli, si maigizo. "Ombeni mdogo wangu," alisema, "kwa nini usiniambie kwamba hali imefika huku? Sisi ni familia hapa."

"Samahani, bosi."

"Hakuna samahani. Mama Ethan, panga kwa hizo ishirini na moja. Landover nitaongea nao mimi."

Nikapanga, na nitasema bila aibu kwamba ulikuwa mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga. Tuliigawanya ile kumi na tatu. Kipande cha pointi tano alichukua Chepkirui: simu ikikosa mtandao ihifadhi ziara, imwonyeshe mhudumu maandishi mekundu kwamba haijatumwa, na msimamizi aweze kuiingiza kwa mkono. Si nzuri sana lakini hakuna atakayekosa siku yake. Kile kipande cha kulinganisha, pointi nane, tulikiacha kwenye orodha. Kwa saa za Ombeni nilipendekeza kitu kingine. Nilisema, "Tusitegemee kichwa kimoja tena. Saa zake kumi na tano amweleze Gitau ile sehemu, waiandike kwenye hati, tuhesabu pointi mbili." Leonard akaitikia kwa kichwa. "Safi sana," alisema, akarudia, "Safi sana." Tukajaza kumi na nne zilizobaki kwa kazi ndogo ambazo kila moja ilikuwa na mtu na ilikuwa na saa.

Tulitoka saa sita mchana. Gitau akasema kwenye ngazi, "Kumbe ukweli hauumi. Tungesema Machi nilale Jumamosi zangu."

Wiki mbili zile zilikuwa tulivu. Hakuna aliyefanya kazi Jumamosi. Nilikwenda kwenye mpira wa Ethan, wakafungwa nne. Gitau alikwenda kwenye mahafali ya binti yake akarudi na picha mia mbili. Ombeni na Gitau walikuwa wanaongea kwenye simu kwa muda wa saa moja na nusu kila siku Gitau aliyokuwepo, na hati ikawa inakua. Chepkirui alimaliza kipande chake siku ya saba. Nilikijaribu chini kabisa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, mahali simu haishiki, nikakipitisha. Siku ya mwisho ubao wote ulikuwa kwenye safu ya kulia, ile ya kazi zilizokamilika. Pointi ishirini na moja kati ya ishirini na moja. Haijawahi kutokea kabla, hata tulipokuwa tukidanganya.

Leonard aliwaonyesha watu wa Landover kazi ile, wakaridhika. Baada ya kikao akanibakiza.

"Kaa, Mama Ethan." Alikuwa na daftari lake. "Nimekuwa nikifikiria uliyosema siku ile. Sprinti tatu, pointi tisini. Ombeni alifanya kiasi gani hapo?"

"Kidogo. Si alikuwa hospitali."

"Kwa hiyo tisini zile mlizifanya watatu."

"Kwa saa za kuchanga, Leonard. Jumamosi zetu. Jioni za watoto."

"Naelewa. Lakini zilifanyika." Aliongea taratibu, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Mmenionyesha wenyewe kwamba watatu wanatosha. Na sasa Gitau anaijua ile sehemu. Nina mishahara tisa hapa, kodi ya ofisi, mteja mmoja mkubwa. Namlipa mtu saa themanini anafanya kumi na tano. Siwezi, Mama Ethan. Mwisho wa mwezi atapumzika, amuuguze mkewe vizuri. Nadhani hata yeye itamsaidia."

"Bima itakatwa."

"Anaruhusiwa kuendelea nayo akilipa mwenyewe."

"Yote? Bila mshahara?"

"Tutachanga kanisani," alisema. "Nitatoa wa kwanza."

Nilimwambia ampe hadi Julai. Nikamwambia ampunguzie mshahara amwachie bima, akasema bima inataka saa thelathini kwa wiki. Nikamwambia nitarudi kufanya kazi Jumamosi, na Gitau, na Chepkirui, tutarudisha zile pointi thelathini. Akanitazama kwa huruma.

"Si wewe uliyesema tuhesabu uwezo wa kweli?"

Ombeni aliondoka Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Hakuja ofisini, alituma kompyuta kwa Gitau. Chepkirui alilia chooni. Mimi sikulia, nilikwenda kwao na sufuria la wali na kuku, nikagonga. Ghati ndiye aliyefungua, amevimba miguu, ameshika ukuta. Alinikaribisha kwa adabu zote, akaniuliza habari za Ethan. Ombeni hakutoka chumbani. Nilipofika kwenye gari nikakuta amejitoa kwenye lile kundi letu la simu la kamati. Limebaki na watu watatu, na hakuna anayeandika.

Alipata kazi wiki ya pili, kuegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja huku Alexandria. Bima yao inaanza siku tisini baada ya kuajiriwa. Mdogo wake Ghati alifaa. Alishapata viza, alishaaga kazini kwake Tarime. Hospitali ikasogeza upasuaji hadi Oktoba, ikiwa hali itaruhusu. Hayo nimeyapata kwa Waringa, anayesali nao. Waringa aliongeza, "Na ile simu yenu siku hizi inaandika nyekundu, mimi naipenda hiyo nyekundu." Nikamwambia asante.

Jumatano iliyofuata tukakaa tena kupanga. Meza ileile, ukuta mtupu. Nikaweka jedwali. Gitau hamsini, Chepkirui hamsini, mimi hamsini. Chini yetu mstari wa Ombeni ulikuwa bado upo na nafasi tupu, sikuwa nimeufuta. Jumla, mia na hamsini.

"Pointi ishirini na tatu," nilisema.

Leonard alitazama ubao, pale ambapo thelathini bado ilikuwa na duara. "Ishirini na tatu? Nyinyi ndio mliofanya thelathini. Watu haohao."

"Watu haohao," Gitau akasema. "Masaa si hayohayo, bosi."

"Hizo za juu hazikuwa zako," Chepkirui akamwambia Leonard. Sijawahi kumsikia akiongea naye hivyo. "Zilikuwa za Ghati."

Leonard akakohoa. Akasogeza ile kazi ya pointi nane juu ya orodha, kulinganisha. Landover walikuwa wamechoka kuingiza ziara kwa mkono. Gitau akasema ameifikia nusu tu, hati ina mashimo, zile siku mbili za mahafali ndizo ambazo Ombeni alikuwa amepanga kueleza sehemu yenyewe. Sasa si nane tena kwake. Ni kumi na tatu, labda zaidi, na hataiahidi.

"Basi tumwulize mwenyewe," Leonard akasema, akatoa simu. "Mambo ya saa mbili tatu. Kirafiki tu."

"Leonard, usimpigie," nilisema.

Alikuwa ameshapiga, akaweka simu katikati ya meza, sauti nje.

"Ombeni, mdogo wangu! Habari za siku?"

"Salama, bosi." Nyuma kulikuwa na milango ya magari, na mtu anapiga honi.

"Mke anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Tunamwombea. Sasa sikiliza, tumekwama kidogo kwenye ile sehemu yako. Ungetupatia saa chache hivi, jioni au Jumamosi..."

"Bosi," Ombeni akasema, bila hasira, kama mtu anayemjulisha mgeni kwamba maegesho yamejaa, "nina magari kumi na moja hapa mbele ya hoteli na funguo zote ziko mkononi mwangu."

Honi ikapigwa tena. Tulidhani amekata.

"Dada Anitha yupo hapo?"

Leonard akanitazama. Gitau na Chepkirui wakatazama meza.

"Yupo," Leonard akasema.

"Msalimie."

Hapo akakata.

Leonard aliirudisha simu mfukoni, akasema, "Basi andika thelathini, tutaona huko mbele." Nikaandika ishirini na tatu. Nikairudisha ile kazi ya kulinganisha chini kabisa ya orodha, chini ya zote, hakunizuia. Halafu nikashika mstari wa Ombeni nikaufuta, na jumla ikajisogeza juu kujaza nafasi.